Namna ya kudai nakala ya simu uliyopigia kastoma kea, au picha za kamera, kabla hazijafutwa

Nilinyang'anywa simu Jumanne moja saa kumi na mbili na nusu jioni, nikiwa ndani ya matatu pale Kongowea. Mkono uliingia dirishani, ukatoka na simu, na kabla sijageuza shingo mwenye mkono alishapotelea sokoni. Kitambulisho changu kilikuwa nyuma ya kava ya simu, na PIN yangu ya pesa ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Cheka tu, mke wangu alishacheka.

Niliteremka nikaingia duka la dawa, mhudumu akaniazima simu yake, nikapigia kampuni ya simu. Nilimweleza binti aliyepokea kwamba nimeibiwa, akaniuliza jina kamili, nambari ya kitambulisho na mara ya mwisho nilituma pesa kwa nani, kisha akasema, "Sawa, nimefunga laini pamoja na akaunti ya pesa." Nikashukuru nikaenda nyumbani. Saa moja na dakika ishirini nikatumia simu ya mke wangu kupiga tena ili kuhakikisha. Mhudumu wa pili akaniambia laini bado iko wazi, ndiyo kwanza anaifunga. Taarifa ya akaunti nilipoipata ilionyesha mara mbili pesa zilitolewa kwa wakala: shilingi 6,000 saa 18:36 na shilingi 32,500 saa 18:58.

Nilipodai zile 32,500 nilijibiwa kwamba nilitoa ripoti saa 19:20, na masharti ya huduma yanasema hasara yote kabla ya ripoti ni ya mteja. Kwa hiyo ugomvi wote ulisimama juu ya jambo moja, simu ya duka la dawa. Ikipatikana rekodi yake, hasara ni yao. Isipopatikana, ni neno langu dhidi ya kompyuta yao.

Yafuatayo ni njia niliyopita, pamoja na pale nilipokosea. Sheria ninazozitaja ni za Kenya.

Kwanza andika saa, tena saa za kizungu

Kabla ya barua yoyote, kaa chini na karatasi. Rekodi za kituo cha simu hazitafutwi kwa kusikiliza. Hutafutwa kwa nambari iliyopiga, tarehe, saa, na wakati mwingine jina la mhudumu au nambari ya tiketi, yaani nambari ambayo lalamiko lako limepewa. Ukikosea kimoja, jibu litakuwa "hatuoni rekodi", na aliyejibu hatakuwa amedanganya.

Andika saa kwa mtindo wa saa 24. Ukiandika "saa moja kasoro" kwenye barua, mtu mmoja ataelewa jioni, mwingine asubuhi, na mwingine atatafuta saa saba mchana. Andika 18:42. Kisha ithibitishe: fungua orodha ya simu zilizopigwa kwenye simu iliyotumika, upige picha ya skrini inayoonyesha nambari, saa ya kuanza na muda wa mazungumzo. Mimi nilirudi duka la dawa kesho yake, na mhudumu, Mungu ambariki, hakuwa amefuta kitu. Skrini ilionyesha 18:42, dakika sita na sekunde kumi na moja.

Muda wa mazungumzo una kazi mbili. Unasaidia kuitafuta rekodi, na baadaye unakuonyesha kama uliyopewa ni nzima. Jua tu kwamba zile dakika za muziki na za "bonyeza moja kwa Kiswahili" huenda zisiwe ndani, kwa sababu mifumo mingi huanza kurekodi mhudumu anapopokea. Ukihamishwa kutoka mhudumu mmoja hadi mwingine, mara nyingi huwa ni rekodi mbili. Uzitaje zote mbili.

Barua ya kwanza haiombi nakala, inazuia kufutwa

Hapa ndipo wengi hupotezea kesi. Wanasubiri majibu ya malalamiko wiki tatu, ndipo wanaomba ushahidi, wakati ushahidi ulishafutika wenyewe. Hakuna aliyekaa akaufuta. Mashine imepangwa kuandika juu ya za kale.

Kwa upande wa kamera, hesabu ni rahisi na inatisha. Kamera moja ya kawaida hutumia kama megabiti 2 kwa sekunde. Duka lenye kamera nne linatumia megabiti 8, yaani megabaiti 1 kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni gigabaiti 86 hivi kwa siku. Kisanduku cha kurekodia, ambacho mafundi hukiita DVR, kikiwa na diski ya terabaiti 1, kitajaa kwa siku kumi na moja na nusu, kisha kianze kuandika juu ya siku ya kwanza. Duka kubwa lenye kamera kumi na sita na diski ileile halifikishi siku tatu. Mashine iliyopangwa kurekodi tu kitu kinapotembea hukaa zaidi, ila usiitegemee. Rekodi za simu huhifadhiwa muda mrefu kuliko picha kwa sababu sauti ni nyepesi, lakini kila kampuni ina muda wake, na huwezi kuujua mpaka uulize.

Basi siku ileile au kesho yake tuma barua fupi ya kuzuia. Itume kwa barua pepe ili saa ya kutuma ibaki, na kama ni duka la mtaani peleka karatasi mbili, wakugongee muhuri au wakutilie sahihi na tarehe kwenye moja. Yangu ilisema hivi:

"Mimi ndiye mwenye laini nambari fulani. Jumanne tarehe 14 Mei, saa 18:42, nilipigia kituo chenu cha huduma kutoka nambari fulani, ambayo si yangu, kuripoti wizi. Mazungumzo yalichukua dakika 6 na sekunde 11. Saa 19:20 nilipiga tena kutoka nambari nyingine. Nina mgogoro nanyi kuhusu shilingi 32,500 zilizotolewa saa 18:58. Naomba rekodi za simu zote mbili, pamoja na kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha wahudumu walifanya nini kwenye akaunti yangu kati ya 18:30 na 19:30, zihifadhiwe na zisifutwe mpaka mgogoro uishe. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmeihifadhi."

Hiyo sentensi ya kumbukumbu za mfumo niliongezewa na rafiki aliyewahi kufanya kazi kituo cha simu, na ndiyo iliyokuja kuniokoa. Sauti inaonyesha mhudumu alisema nini. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha alibonyeza nini.

Usiwalaumu kwenye barua hii wala usieleze hasira. Atakayeisoma kwanza ni kijana wa zamu mwenye barua mia mbili. Anachohitaji ni nambari, tarehe na saa.

Ombi lenyewe

Baada ya barua ya kuzuia, ndipo uombe nakala. Sauti yako na sura yako ni data yako binafsi, na kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kuifikia data yako iliyo mikononi mwa kampuni. Kanuni za Jumla za 2021 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinaitaka kampuni ilitimize ombi hilo ndani ya siku 7, bila malipo. Fomu yake inaitwa DPG 2 na iko ndani ya kanuni hizo. Kampuni nyingi zina fomu yao wenyewe kwenye tovuti, na ukijaza hiyo si vibaya, mradi utaje kifungu cha 26 na ubaki na nakala.

Ombi lisiende kastoma kea. Litaenda huko litapewa nambari ya tiketi na kufa. Fungua sera ya faragha ya kampuni, ile ambayo hakuna anayeisoma, shuka mpaka chini utafute barua pepe ya afisa wa ulinzi wa data. Huyo ndiye anayejua kwamba siku zinahesabiwa. Kwenye duka au jengo lisilo na afisa wa namna hiyo, mwandikie meneja au mwenye jengo. Kampuni ya ulinzi inayokaa langoni mara nyingi inaangalia tu skrini, mwenye data ni aliyeiajiri.

Omba vitu hivi kwa majina yake: nakala ya sauti, nzima, bila kukatwa, kumbukumbu za mfumo za akaunti yako katika muda ule, na hati ya uthibitisho chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Hati hiyo ni karatasi inayotiwa sahihi na mtu mwenye wajibu juu ya mfumo, akieleza rekodi imetolewa kwenye mashine gani, kwa njia gani, na kwamba mashine ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Mambo yakifika mahakamani, hati hiyo huulizwa. Kuipata siku unayopewa nakala ni rahisi. Kumtafuta mtu huyohuyo baada ya miezi minane, ameshahama kazi, ni shughuli nyingine.

Watataka kujua kama kweli ni wewe, na wana haki. Tuma picha ya kitambulisho, lakini kwanza andika juu yake kwa kalamu, ukipita juu ya picha: "Kwa ombi la rekodi ya simu ya tarehe 14 Mei tu." Mtu aliyewahi kuibiwa kitambulisho hafundishwi mara mbili.

Na kama ulipiga kutoka simu ya mtu mwingine kama mimi, ongeza karatasi fupi ya mwenye simu inayosema: nilimwazima fulani simu yangu siku fulani saa fulani, na sina pingamizi apewe rekodi. Mhudumu wa duka la dawa aliandika mistari mitatu nyuma ya risiti akatia sahihi. Ilitosha.

Kama uliyegombana naye ni taasisi ya serikali, una mlango wa pili: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21 za kujibu, na malalamiko yake huenda kwa Tume ya Utoaji wa Haki za Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Kwa rekodi yako mwenyewe, ile ya siku 7 ni ya haraka zaidi.

"Hatuoni rekodi" na majibu mengine

Siku ya sita nilijibiwa: tumepata simu moja tu kutoka kwako, ya saa 19:20.

Nilikaribia kukata tamaa. Kisha nikasoma tena jibu. "Kutoka kwako." Walikuwa wametafuta kwa nambari ya laini yangu na kwa tiketi zilizofunguliwa juu ya akaunti yangu. Simu ya 19:20 ilikuwa na tiketi. Ile ya 18:42 haikuwa nayo, kwa sababu binti yule hakufungua tiketi. Niliwajibu kwa mistari miwili: tafuteni kwa nambari iliyopiga, ambayo ni ya duka la dawa, kati ya 18:40 na 18:50, si kwa nambari yangu. Siku tatu baadaye rekodi ikapatikana.

Kwa hiyo ukiambiwa haipo, uliza swali moja: mmetafuta kwa kigezo gani? Mara nyingi jibu litakuonyesha kosa lilipo.

Jibu jingine utakalolisikia, hasa kwenye kamera, ni "leta amri ya korti" au "tunawapa polisi tu". Hapa lazima uwe mkweli na nafsi yako, kwa sababu jibu hilo mara nyingine ni sahihi. Unachokiomba kikiwa ni wewe mwenyewe, sauti yako au picha yako ukiteleza kwenye sakafu yenye maji, sheria haihitaji polisi wala korti. Watu wengine wakionekana kwenye picha, kampuni inaweza kuziba sura zao kabla ya kukupa, na ni haki yao kufanya hivyo. Lakini hiyo si sababu ya kukunyima kabisa. Unachokiomba kikiwa ni picha ya mtu mwingine, hata kama ni mwizi wako, haki ya kifungu cha 26 haikufikishi hapo. Hiyo ni njia ya polisi, nitaieleza chini.

Wakisema "sisi ni biashara ndogo, sheria hiyo si yetu", hapana. Kanuni zinawasamehe wadogo, wenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi, wasijisajili tu, na hata msamaha huo hauwagusi wanaoendesha kamera za usalama kwa ajili ya kuzuia uhalifu. Kumpa mtu data yake hakuna aliyesamehewa.

Wakisema imefutwa, omba kwa maandishi: ilifutwa tarehe gani, na sera yenu inasema mnahifadhi siku ngapi. Tarehe ya kufuta ikiwa kabla ya barua yako ya kuzuia, huna la kufanya. Ikiwa baada yake, hilo ni shtaka jipya, na pengine zito kuliko lile la kwanza.

Wakati mwingine hawakatai, wanakualika uje ofisini usikilize. Nenda. Chukua kalamu, andika saa inayoonekana kwenye skrini, andika maneno ya mhudumu neno kwa neno. Kisha ukirudi nyumbani andika barua pepe: nashukuru kwa kunisikilizisha leo, niliyoyasikia ni haya, na bado nasubiri nakala. Hata wasipotoa nakala, wakinyamaza juu ya barua hiyo una kitu mkononi.

Kamera ya wakala, na saa iliyokimbia dakika kumi na saba

Taarifa ya akaunti hutaja nambari na jina la wakala ambako pesa zilitolewa. Wakala wangu alikuwa Kisauni, duka la rejareja lenye kamera nne. Nilienda siku ya pili. Mzee mwenye duka alikuwa muungwana, akanikalisha, akarudisha picha nyuma mpaka 18:58. Tukaona mama ananunua mkate. Tukangoja. Hakuna mtu aliyetoa pesa.

Nilipotazama skrini ya picha za moja kwa moja, saa yake ilisema 10:41 asubuhi. Simu ya mzee ilisema 10:24. Mashine ilikuwa mbele dakika kumi na saba. Saa ya DVR huwekwa na fundi siku ya kufunga, na isipounganishwa na intaneti husogea polepole, au huruka umeme ukipotea na betri yake ndogo ikiwa imekufa. Tukapeleka picha hadi 19:15, na hapo kijana mwenye kofia akaonekana kaunta, ameshika simu yangu yenye kava ya kijani.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote kwenye kamera, shika simu yako kando ya skrini inayoonyesha picha za sasa, piga picha moja inayoonyesha saa zote mbili. Picha hiyo ihifadhi pamoja na ushahidi. Bila hiyo, wakili wa upande wa pili atasema saa ya video hailingani na saa ya muamala, na atakuwa sahihi.

Mzee hakunipa video, nami sikumlazimisha. Sura ile si yangu. Nilichoomba ni atoe kipande cha 19:05 hadi 19:25 kwa saa ya mashine, akiweke kwenye flashi akifungie droo, kisha nikampa barua ya kuzuia akatia sahihi. Kesi ya wizi nilikuwa nimeshaiandikisha kituoni na kupata nambari ya OB. Nilimpelekea afisa wa upelelezi vitu vitatu: jina la duka, dakika kamili, na tofauti ya saa. Polisi wana njia zao za kuchukua, kwa kibali cha mahakama chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Taratibu za Mashtaka ya Jinai pale mwenye mali anapokataa. Lakini afisa mwenye majalada hamsini hataenda kutafuta dukani kwa kubahatisha. Akiambiwa "flashi iko kwenye droo ya mzee, kipande cha 19:15", anapita akirudi nyumbani. Alipita siku ya sita.

Ningesubiri wiki mbili, ile diski ya terabaiti 1 ingekuwa imeshamla kijana mwenye kofia.

Neno kuhusu ATM, kwa sababu ndiko watu wengi hukimbilia kamera. Mashine ikikata pesa kwenye akaunti bila kutoa noti, video peke yake mara nyingi haisaidii sana: kamera hutazama uso wako, si mdomo wa noti. Iombe ihifadhiwe, lakini omba kwa nguvu zaidi orodha ya matukio ya mashine kwa muamala ule, na matokeo ya hesabu ya noti siku mashine ilipofunguliwa. Noti zako zikiwa zilibaki ndani, hesabu itazidi kwa kiasi hichohicho.

Ukishapewa nakala

Sikiliza yote mara moja bila kuandika, kisha ulinganishe muda. Simu yangu ilikuwa dakika sita na sekunde kumi na moja, na faili lilikuwa dakika nne na sekunde hamsini. Tofauti ilikuwa muziki wa kusubiri, nikathibitisha kwa sababu faili lilianza na salamu na kuishia na kwaheri. Lingeanzia katikati ya sentensi ningelirudisha.

Faili la asili usiliguse. Usilikate, usilibadilishe jina, usilitume kwa WhatsApp kama video au sauti ya kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza ubora. Ukilazimika, litume kama dokumenti. Video za DVR wakati mwingine huja katika muundo wa kipekee kama .dav, usiofunguka kwenye simu. Chukua huo wa asili na uombe pia nakala ya MP4 ya kutazamia. Kurekodi skrini kwa simu ni njia ya mwisho kabisa, unapoona diski itafuta usiku huohuo.

Kisha tengeneza alama ya faili, ambayo hubadilika hata biti moja ikiguswa. Kwenye kompyuta ya Windows:

```
certutil -hashfile simu_1842.wav SHA256
```

Itatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Jitumie kwa barua pepe siku hiyohiyo. Mtu akisema baadaye umelichezea faili, mtarudia amri hiyo na mstari utakuwa uleule.

Mwisho, andika mazungumzo kwenye karatasi kwa dakika na sekunde. Hakuna msimamizi wa malalamiko anayesikiliza dakika tano, lakini atasoma mstari mmoja: "03:52, mhudumu: Sawa, nimefunga laini pamoja na akaunti ya pesa."

Siku saba zikipita kimya

Andika mara moja tu kukumbusha, ukitaja tarehe ombi lilipofika. Baada ya hapo peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia odpc.go.ke. Ambatisha barua ya kuzuia, ombi, uthibitisho wa kupokelewa, na majibu kama yapo. Kwa sheria malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kwa mgogoro wa pesa wenyewe, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na imepewa siku 60 kuamua. Huhitaji wakili, na haifungwi sana na kanuni kali za ushahidi, ila ile hati ya 106B bado ni bora uwe nayo.

Walio Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na malalamiko huenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua ya kuzuia na mbinu za kutafuta ni zilezile, usinakili tu vifungu na siku za Kenya. Ndugu walio Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya, huko kampuni ina mwezi mmoja, na nakala ya kwanza ni bure.

Mimi sikufika kwa Kamishna. Sauti ilionyesha mhudumu akisema amefunga. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha alifungua ukurasa wa akaunti yangu saa 18:47, akautazama, akatoka bila kubonyeza kitu. Kampuni ilirudisha 32,500 baada ya wiki mbili. Zile 6,000 za saa 18:36 zilitoka kabla sijapiga simu. Hizo sikuzidai.